Kirukia Juu ya Mti: Kukitambua na Kupima Madhara Yake

Ukiutazama mti kutoka chini, ni rahisi kudanganyika. Kichaka cha kijani kilichojibana katikati ya matawi kinaweza kuwa kirukia kinachonyonya maji ya mti, kinaweza kuwa kangaga lililojishikiza tu juu ya gome, na kinaweza hata kuwa kiota cha zamani kilichosongwa na majani. Mwenye mti akishaingiwa na hofu, hufanya moja kati ya mawili: hunyofoa majani anayoyafikia kwa mkono akidhani kamaliza kazi, au huuangusha mti mzima. Nimeona miti mingi mizuri ikipotea kwa njia hiyo ya pili, na mingi zaidi ikidhoofika kwa ile ya kwanza, kwa sababu tu hakuna aliyepanda kuangalia na kuhesabu.

Kuhesabu kwenyewe si kugumu. Nitakueleza kwa kufuata mti mmoja, mwembe wa makamo wenye urefu wa mita 12 hivi. Mwenye mti huo, bibi mmoja aliyeulea tangu ukiwa mche, alikuwa ameshampata mtu wa kuukata. "Umeliwa wote, mwanangu," aliniambia, na kweli kutoka chini tulihesabu vichaka 23.

Je, kinanyonya au kimekaa tu?

Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake liko pale mmea unapokutana na tawi, wala si kwenye majani. Kangaga, okidi, kuvu-mwani zile za kijivu zinazobandikana kama magamba, na mimea mingine mingi hukaa juu ya mti bila kula chochote chake. Mizizi yao hutambaa juu ya gome. Ukiingiza kidole au kijiti chini ya mizizi hiyo, inainuka, na gome la chini yake ni zima. Mti umewapa mahali pa kusimama tu, wao wanakunywa mvua na umande na kujilisha vumbi na majani yanayooza. Zikiwa nzito sana zinaweza kuvunja tawi bovu, lakini si adui.

Kirukia ni kingine kabisa. Huwezi kuingiza kijiti popote, kwa sababu hakuna mpaka. Shina lake linazama ndani ya tawi kana kwamba limechipuka humo, na pale linapozamia tawi limevimba, mara nyingine kama goti, mara nyingine kama ngumi. Ukikata tawi hilo kwa upana ukatazama mbao yake, utaona kabari za rangi tofauti zikiingia kuelekea moyo wa tawi. Hizo ndizo mizizi minyonyaji. Katika aina fulani mbao ya mti hukua kuizunguka ile mizizi na kufanya mawimbi mawimbi, hata kirukia kikifa na kuoza hubaki kitu kama ua lililochongwa. Ukiliona ua hilo la mbao kwenye tawi kavu, ujue palikuwa na kirukia hata kama sasa hakuna hata jani.

Dalili nyingine husaidia kukiona kwa mbali. Mti unaopukutisha majani ukibaki mtupu, kirukia kinabaki kijani peke yake. Majani yake kwa kawaida ni mazito, yanakatika kwa sauti ukiyakunja, na mara nyingi hukaa mawili mawili yakitazamana. Aina nyingi za nchi za joto zina maua membamba kama mirija, mekundu au ya machungwa, ambayo chozi huyafuata. Tunda ni dogo, na ndani yake mbegu imefunikwa ulimbo unaonata sana. Lakini usitegemee majani peke yake. Australia kuna virukia ambavyo majani yake hufanana mno na ya mti vinaoumea. Kuna kimoja kinachomea kwenye mvinje ambacho majani yake ni membamba na marefu kama vijitawi vya mvinje wenyewe. Goti la uvimbe ndilo lisilodanganya.

Katika ule mwembe tulipanda ngazi, na kule ngazi isikofika tukatumia darubini. Kati ya vichaka 23, tisa vilikuwa makangaga na okidi, kimoja kilikuwa kiota. Virukia vya kweli vilikuwa 13.

Anavyoishi ndivyo anavyodhuru

Ili kupima madhara lazima ujue kirukia kinachukua nini. Virukia vingi vina majani ya kijani na vinajipikia sukari vyenyewe kwa mwanga wa jua. Wanachokosa ni mizizi ya ardhini, kwa hiyo huchomeka mzizi wao kwenye mirija ya mti inayopandisha maji na kuchota humo maji pamoja na chumvi zake. Ili maji yaelekee kwao badala ya kuelekea kwenye majani ya mti, ni lazima wavute kwa nguvu zaidi, na wanavuta kwa kuacha vinyweleo vya majani yao wazi na kutoa mvuke mwingi kuliko mti wenyewe. Kiangazi kinapokaza, mti hufunga vinyweleo vyake ili kubana matumizi. Kirukia mara nyingi hakifungi kwa kiasi hicho. Ndiyo maana mti unaobeba virukia kumi bila shida miaka ya mvua unaweza kuanza kukauka ncha katika mwaka mmoja wa ukame. Kirukia hakijaongezeka, ila sasa maji anayochukua ni maji ambayo mti hauna.

Kutokana na hilo unaweza kutabiri sura ya madhara. Anayeumia kwanza ni kipande cha tawi kilicho mbele ya kirukia, yaani kuanzia kwenye uvimbe hadi nchani. Maji yanafika kwenye uvimbe, yanageuzwa njia, na kidogo kinachobaki ndicho kinachoendelea. Majani ya mbele yanakuwa madogo, yanakuwa njano, kisha yanakauka, mpaka siku moja unamkuta kirukia ndiye mwisho wa tawi, na mbele yake kuna kijiti kikavu tu. Ukikuta hali hiyo, tawi hilo halina faida tena kwa mti. Linalisha mgeni peke yake.

Kuna kundi moja linalokwenda mbali zaidi, nalo ni virukia vibete vinavyoshambulia misonobari na jamaa zake, hasa Amerika Kaskazini. Hivi karibu havina majani, hivyo sukari pia huchukua kwa mwenyeji. Havingoji ndege. Tunda hujaa shinikizo la maji, kisha hupasuka na kurusha mbegu hata zaidi ya mita kumi. Ni hatari kuliko vya majani mapana, na ni kwa ajili yao ndipo kipimo ninachokieleza hapa chini kilipobuniwa.

Kipimo cha mafungu matatu

Mwaka 1977 mtaalamu wa misitu wa Marekani, Frank Hawksworth, alichapisha njia ya kupima ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia akiwa amesimama chini ya mti. Ligawe taji la mti, yaani sehemu yote yenye matawi hai, katika mafungu matatu kwa urefu: la chini, la kati na la juu. Kila fungu lipe alama. Kama hakuna tawi lenye kirukia, sifuri. Kama matawi yenye kirukia ni nusu au pungufu, moja. Kama yamezidi nusu, mbili. Jumlisha. Jumla ya 1 au 2 ni maambukizi mepesi, 3 au 4 ni ya wastani, 5 au 6 ni mazito.

Ninachokipenda katika njia hii ni kwamba haihesabu vichaka, inahesabu matawi. Kichaka kimoja kikubwa cha kutisha kwenye tawi moja hakipandishi alama kuliko kichaka kidogo, ilhali vichaka vidogo vilivyosambaa kila mahali, ambavyo jicho huvipuuza, hupandisha alama haraka. Na ndivyo mti unavyoyapata madhara. Njia ilitengenezwa kwa misonobari, kwa hiyo ukiitumia kwa mti wa majani mapana ichukue kama kigezo cha kulinganisha, mwaka hadi mwaka, si kama hukumu.

Tulifanya hivyo kwa mwembe. Fungu la chini lilikuwa na matawi makubwa 6, moja tu lina kirukia: alama 1. Fungu la kati, matawi 9, manne yana virukia: bado ni pungufu ya nusu, alama 1. Fungu la juu, matawi 7, matano yana virukia: alama 2. Jumla ni 4. Hesabu ya vichaka nayo ilikubali: 12 kwenye matawi hayo kumi, kwa kuwa mawili yalibeba viwili viwili, na kimoja cha mwisho kilikuwa kwenye shina lenyewe.

Kwa nini juu pamezidi? Kwa sababu ndege hupenda kutua juu, na mbegu za kirukia huenda na ndege. Ndege anakula tunda, ngozi inameng'enywa, mbegu inatoka bado ina ulimbo, na mara nyingi inaning'inia kama uzi mpaka ndege mwenyewe ajipanguse kwenye tawi. Pale pale inashika. Haihitaji udongo. Inatoa kamzizi kanakojipinda kulifuata tawi, kanatandaza kisahani cha kushikilia, na kutoka chini ya kisahani hicho ndipo unapoanza upenyo. Mbegu zinapenda mwanga pia, na juu ndiko kuna mwanga.

Mambo matatu ambayo alama haiyajui

Alama ya 4 ilimpa bibi nafuu kidogo, lakini sikumruhusu afurahi mapema. Kipimo cha mafungu kina upofu wake.

La kwanza ni mahali. Kirukia kwenye kijitawi cha unene wa kidole ni kazi ya mkasi. Kirukia hicho hicho kwenye shina au kwenye panda la matawi makuu ni tatizo la miaka, kwa sababu huwezi kukata shina. Lakini kipimo hakihesabu shina kabisa. Kwa hiyo mimi huandika mambo mawili kila mara: jumla ya mafungu, na idadi ya virukia vilivyo kwenye shina au kwenye panda la matawi makuu. Kwa mwembe ule niliandika "4, shina 1".

La pili ni afya ya mti mbali na virukia. Tafuta matawi ambayo hayana kirukia hata kimoja, kisha uangalie ncha zake. Kama nazo zinakauka, mti una tatizo jingine: mizizi imekatwa, udongo umeshindiliwa, maji yametuama, au ugonjwa. Hapo kirukia ni mgonjwa mwenzake, si chanzo. Pima pia urefu wa machipukizi ya msimu wa mwisho. Mti unaotoa machipukizi marefu yenye majani ya ukubwa wa kawaida una nguvu ya kukatwa na kupona. Mwembe ule, kwenye matawi yasiyo na virukia, ulikuwa umechipua vizuri, na hilo lilinipa moyo kuliko alama yenyewe.

La tatu ndilo ninalolisisitiza kwa sauti, kwa sababu watu hulipita wakikodolea macho kijani cha juu. Inama. Angalia chini ya shina na kwenye makovu ya matawi yaliyokatwa zamani. Uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu, wa kahawia au mweusi, wakati mwingine wenye ukingo mweupe, ni habari mbaya kuliko virukia vyote 13. Kile unachokiona ni tunda tu la kuvu. Kuvu lenyewe liko ndani likila mbao, pengine kwa miaka mingi. Kuung'oa ule uyoga hakubadilishi kitu. Gonga shina kwa nyundo ya mti ukizunguka. Mlio mzito na mfupi ni mbao nzima, mlio wa ngoma ni uwazi. Mti wenye rafu hizo kwenye kitako cha shina unaweza kuanguka ukiwa na majani mabichi kabisa, na kama uko karibu na nyumba au njia, muite mtaalamu wa miti kabla hujafikiria lolote kuhusu virukia. Kwenye mwembe hatukukuta hata mmoja, na shina lililia mlio mzito pande zote.

Viumbe vingine viwili vitajwe kwa ufupi. Mlangamia, zile nyuzi za njano au kijani zisizo na majani zinazotandaza wavu, hunyonya kweli, lakini nguvu zake huonekana kwenye miche, uzio wa mimea na vichaka. Juu ya mti mkubwa mara nyingi hushika kingo za chini tu, na ukizikusanya zote pamoja na vijitawi vilivyofungwa, umemaliza. Wa pili ni mtini mnyongaji. Huo haunyonyi chochote. Unaanzia juu kama mche mdogo kwenye panda, unateremsha mizizi mpaka ardhini, kisha mizizi inaungana na kulizingira shina huku majani yake yakiuficha mti na jua. Ukiukuta ukiwa na mizizi ya unene wa penseli, ung'oe siku hiyo hiyo. Mizizi ikishafika ardhini na kunenepa kama mkono, mti wako na mtini huo vina hesabu nyingine. Na vinundu vigumu vya mbao visivyo na majani ya mmea mwingine si virukia hata kidogo, ni uvimbe wa mti wenyewe kwa jeraha, mdudu au bakteria.

Tulichokata na tulichoacha

Kukata majani ya kirukia peke yake ni kama kukata majani ya muhogo. Mizizi minyonyaji iko ndani, na itachipua tena. Katika aina nyingi mizizi hiyo husafiri pia ndani ya gome, kwa hiyo tawi hukatwa angalau sentimita 30 kutoka kwenye uvimbe kuelekea shinani. Aina nyingine hutambaza mizizi juu ya gome na kuingia tena na tena. Hizo zifuate kwa jicho hadi mwisho wake kabla ya kupima hizo sentimita 30. Kama sentimita 30 zinakupeleka mpaka kwenye shina, kata tawi zima kwenye pete yake, pale kwenye uvimbe mdogo unaoungana na shina, bila kuchimba shina na bila kuacha kisiki.

Hapa ndipo penye mtego mwingine. Matawi kumi kati ya 22 ni karibu nusu ya taji, na kuuvua mti zaidi ya robo ya taji lake kwa mara moja ni kuupa jeraha kubwa kuliko la virukia. Lakini tulipoangalia kimoja kimoja, matawi sita yalikuwa na virukia kwenye vijitawi vyembamba vya pembeni, hivyo tulipoteza kijitawi tu. Matawi manne ndiyo yaliyohitaji kukatwa hasa. Mawili yalikatwa msimu huo, yale yenye virukia vilivyokaribia kuivisha matunda, kwa sababu tunda likishaiva kazi ya ndege haisubiri. Mawili yalingoja mwaka uliofuata, baada ya virukia vyake kuondolewa maua na matunda.

Kile cha shina tulikikata kikalingana na gome, tukakifunika kwa plastiki nyeusi nzito, tukaifunga kwa kamba bila kuibana mpaka inyonge gome. Kirukia chenye majani kinahitaji mwanga. Kikinyimwa mwanga kwa muda wa kutosha, hufa. Ila muda wa kutosha ni mrefu, hadi miaka miwili, na plastiki ikipasuka katikati ya safari hiyo unaanza upya.

Bibi aliniuliza kama tufanye hivyo hivyo kwenye kichaka cha miti ya asili nyuma ya kiwanja. Nilimwambia hapana. Pale virukia vilikuwa vichache kwenye miti yenye nguvu, na huko kirukia kina kazi nyingine. Utafiti wa David Watson na mwenzake huko Australia, uliochapishwa mwaka 2012, uliondoa virukia katika vipande kadhaa vya misitu na kuacha vingine. Baada ya miaka michache, vipande vilivyoondolewa virukia vilikuwa vimepoteza zaidi ya robo ya aina za ndege wakazi wa misitu, na si wale wanaokula matunda yake tu. Majani ya kirukia hudondoka yakiwa bado na rutuba nyingi, yanalisha wadudu wa ardhini, na wadudu wanalisha ndege. Mti wa matunda wa mtu unahesabiwa kwa mahitaji ya mwenyewe. Msitu unahesabiwa vingine.

Mwaka wa pili tulipanda tena, tukakata yale matawi mawili yaliyokuwa yakingoja, kisha tukahesabu upya. Tulipofungua plastiki shinani, tulikuta vichipukizi viwili vyeupe, vyembamba, visivyo na nguvu. Tulivikwangua na kufunga upya. Fungu la chini lilikuwa safi, alama 0. Fungu la kati lilikuwa na tawi moja lenye kichipukizi, pale tulipokata karibu mno na uvimbe kwa kuhurumia tawi: alama 1. Fungu la juu, matawi mawili yalikuwa na miche mipya ya majani mawili mawili, kutoka kwenye mbegu zilizonata tayari wakati tunakata: alama 1. Niliandika "2, shina 1", na bibi akaweka karatasi hiyo pamoja na ile ya kwanza. Kabla hatujashuka alinionyesha uzi wa ulimbo wenye mbegu tatu, bado mbichi, ukining'inia kwenye kijitawi cha juu kabisa. Aliupangusa kwa ncha ya kanga yake.